Sarafu mbili, visanduku vinne na mtoto mwenye ualbino

Baba mweusi, mama mweusi, babu na bibi wa pande zote mbili weusi, na mtoto kazaliwa na ualbino. Ukifundisha somo la urithi Kidato cha Nne hapa Tabora, swali hilo litakufikia kabla hujamaliza kipindi cha kwanza, na anayeuliza mara nyingi ana familia fulani kichwani, ya mtaani kwao Isevya au ya kijijini kwao Urambo. Lawama za nyumbani anazijua pia: ati mama ametoka nje ya ndoa, ati kazaa na mzungu, ati kuna laana kwenye ukoo.

Jibu lake linatoshea kwenye sarafu mbili, na ndiyo maana mimi huanza na sarafu kabla ya kuchora kitu chochote ubaoni. Kitabu huanza na mraba wa Punnett, mchoro wa visanduku unaoonyesha nakala za wazazi zinavyoweza kukutana kwa mtoto, wanafunzi wanaujaza vizuri, mtihani wanafaulu, halafu ukiwauliza ule mraba unasema nini kuhusu familia yenye watoto wanne wanakujibu upotofu kwa kujiamini kabisa. Kuujaza mraba ni rahisi. Kazi iko kwenye kuusoma.

Tuanze na kinachorithiwa. Rangi ya ngozi, nywele na macho inatokana na melanini. Mwili unaitengeneza kwa kufuata maelekezo ya jeni kadhaa, na kila jeni kati ya hizo tunayo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala hizo huitwa aleli. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi huku Afrika inatokana na hitilafu katika jeni moja iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Aleli nzima tuiite R, yenye hitilafu tuiite r. (Nimechagua herufi hii makusudi. Ukitumia S na s, au K na k, kwenye mwandiko wa mwanafunzi mwenye haraka herufi kubwa na ndogo hazitofautiani, na nusu ya makosa utakayosahihisha yatakuwa ya mwandiko.)

Mtu mwenye Rr ana nakala moja nzima na moja mbovu, na ngozi yake ni nyeusi kama ya mwenye RR. Ni kama chumba chenye taa mbili: moja ikiungua, iliyobaki inatosha kusomea. Nakala moja nzima inatoa maelekezo ya kutosha, kwa hiyo melanini inapatikana na hakuna dalili yoyote ya nje. Ndiyo maana R inaitwa aleli tawala na r aleli fiche. Mtu huyo ni mbebaji, na anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa bila kujua. Ualbino unaonekana tu pale nakala zote mbili zinapokuwa r.

Sasa chukueni sarafu mbili, ya shilingi 200 na ya shilingi 100. Ya 200 ni baba, ya 100 ni mama, hata kama picha iliyo juu yake ni ya Mwalimu Nyerere, ambaye kwa bahati njema aliwahi kufundisha baiolojia papa hapa Tabora, katika sekondari ya St. Mary's, miaka ya 1940. Upande wa kichwa ni R. Upande wa wanyama, simba kwenye 200 na swala kwenye 100, ni r.

Hapa inabidi kwenda taratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Sarafu si mtoto, wala si mbegu. Sarafu ni mzazi. Ina pande mbili kwa sababu mzazi ana nakala mbili, na zote mbili anazo wakati wote, ule unaouona na ule uliolala mezani. Kuirusha ni kile kinachotokea kwenye korodani au kwenye ovari chembe inapogawanyika kutengeneza mbegu au yai: kati ya nakala mbili, moja tu inaingia, na kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Upande uliotazama juu sarafu ikitulia ndio nakala iliyoingia kwenye mbegu au yai lile. Na sarafu mbili zilizotulia mezani pamoja, mkasoma nyuso zote mbili kwa mpigo, hizo ndizo mtoto.

Mwanafunzi akishaushika mpangilio huo, mwambie arushe. Simba na swala, huyo ni rr, mtoto mwenye ualbino. Kichwa na kichwa, RR. Kichwa kwa baba na swala kwa mama, Rr. Simba kwa baba na kichwa kwa mama, Rr tena.

Kwa nini sarafu mbili tofauti? Kwa sababu ukitumia za 100 zote mbili, darasa litakuletea hoja hii: matokeo ni matatu tu, vichwa viwili, wanyama wawili, au mchanganyiko, kwa hiyo kila moja lina nafasi ya theluthi. Hoja hiyo inavutia, na sarafu zinazofanana hazina namna ya kuipinga hadi urushe mara nyingi sana. Lakini 200 na 100 zikilala pale mezani, kila mtu anaona kwamba kichwa cha 200 na swala wa 100 si tukio lile lile la simba wa 200 na kichwa cha 100. Kwa mtoto yote mawili yanaandikwa Rr, ila njia za kufika hapo ni mbili. Matokeo yanayolingana ni manne, na mchanganyiko unachukua mawili kati yake.

Ndipo nachora. Juu nakala za baba, pembeni nakala za mama:

| | R ya baba | r ya baba |
|---|---|---|
| R ya mama | RR | Rr |
| r ya mama | Rr | rr |

Reginald Punnett, mwanabaiolojia wa Cambridge aliyeanza kutumia mchoro huu mwanzoni mwa karne ya 20, hakuongeza chochote ambacho sarafu hazikuonyesha. Safu mbili za wima ni pande mbili za sarafu ya 200, mistari miwili ya mlalo ni pande mbili za sarafu ya 100, na kila kisanduku ni namna moja ambayo sarafu zinaweza kulala. Visanduku vinne, kila kimoja na nafasi ya robo. Robo RR, nusu Rr, robo rr. Kwa sura ya nje, robo tatu weusi na robo moja wenye ualbino.

Sasa ule upotofu. Visanduku ni vinne, familia ina watoto wanne, basi mtoto mmoja atakuwa na ualbino na watatu hawatakuwa nao. Nimeusikia kwa wanafunzi, nimeusikia kwa watu wazima, na nyumbani unageuka kuwa ushauri: "Mmeshapata mmoja, hao watatu wanaofuata hawana shida." Au kinyume chake: "Watatu wa kwanza wamekuja salama, wa nne msizae."

Mraba haupangi watoto wanne. Mraba wote, visanduku vyote vinne, ni wa mtoto mmoja. Mimba ya pili inarusha sarafu upya, na mraba unaanza upya na robo yake ile ile. Sarafu haikumbuki ilivyolala jana, wala ovari haiweki daftari la mayai yaliyotangulia.

Kuisema hivyo hakutoshi, darasa linaitikia kwa kichwa na kubaki na imani yake. Kwa hiyo warushe. Gawa darasa wawili wawili, kila jozi irushe mara 20, ila wasihesabu mara 20 mfululizo. Waandike watoto wanne wanne, kila wanne ni familia moja. Kila jozi itakuwa na familia tano. Darasa la wanafunzi 60 lina jozi 30, kwa hiyo mwisho wa zoezi mna familia 150 na watoto 600. Halafu uliza: familia ngapi hazina mtoto mwenye ualbino hata mmoja? Ngapi zina mmoja? Wawili? Watatu? Wanne?

Hesabu inasema hivi. Nafasi ya mtoto mmoja kuwa mweusi ni 3/4. Wanne wote kuwa weusi ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, yaani 81/256, karibu theluthi moja. Kwenye familia 150 tegemea kama 47 zisizo na mtoto yeyote mwenye ualbino, ingawa wazazi wote wawili ni wabebaji. Zenye mtoto mmoja hasa, ile familia ya kwenye fikra za watu, tegemea kama 63, chini ya nusu. Zenye wawili kama 32. Zenye watatu kama saba. Na moja, au isiwepo kabisa, itakuwa na watoto wote wanne wenye ualbino. Darasa lako halitapata namba hizi sawasawa, lakini umbo litakuwa hilo: rundo la sifuri, rundo kubwa zaidi la moja, la wawili linalopungua, kisha mkia mfupi.

Zile familia 47 ndizo zinazojibu swali la mwanzo. Mtaani zinaonekana kama familia nyingine zote. Wazazi wabebaji, watoto wanne weusi, na r inaendelea kushuka kwa wajukuu bila mtu kuiona. Hiyo ndiyo maana ya kusema "kwenye ukoo wetu hakuna" na kuwa mkweli, na bado kuwa na r. Na tazama sarafu ya baba kwa wale wanaomlaumu mama: rr haiwezi kutokea mpaka simba na swala walale pamoja. Mtoto mwenye ualbino amepokea nakala moja kwa kila mzazi, na baba mtu mweusi ni mbebaji kama mama.

Kuna jambo la kuangalia mnapokusanya matokeo. Kwa kurusha mara 20 unategemea rr tano, na wanafunzi wanalijua hilo, kwa hiyo wengine watakuletea tano hata kama walipata mbili. Wanaona matokeo yao "yamekosea". Utawagundua kirahisi. Jozi inayorusha kwa uaminifu inaweza kupata kuanzia rr mbili hadi nane bila ajabu yoyote, na tano kamili inatokea kama mara moja kati ya tano. Kwenye jozi 30, tano kamili zitoke kwa jozi sita hivi. Zikitoka kwa jozi 18, hapo kuna waliopika. Mimi siwagombezi, nawaandikia zile namba zote ubaoni tuzitazame pamoja, na waliopika wanajijua. Hata Mendel mwenyewe, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, hakusalimika na macho ya namna hiyo. Katika zao la njegere zake alihesabu mbegu 5474 za duara na 1850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja, na mwaka 1936 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alipoyapitia majaribio yake yote kwa pamoja alisema yanakaribia mno nadharia kuliko inavyotarajiwa kwa bahati. Ubishi huo umeendelea miaka mingi. Uwiano wa tatu kwa moja wenyewe haukutikisika, wengine walirudia wakaupata. Na kwenye darasa lako pia, zikijumlishwa zile 600, rr zitakaribia 150: chini ya 130 au zaidi ya 170 ni nadra, na ukiona hivyo kwanza uliza wanarusha vipi. Kuna anayeiachia sarafu idondoke kutoka kiganjani bila kuzunguka, huyo anaipeleka anakotaka.

Swali gumu kuliko yote linakuja baadaye kidogo, na aghalabu linatoka kwa mwanafunzi ambaye ana ndugu mwenye ualbino. "Mwalimu, dada yangu ana ualbino, mimi sina. Je, mimi ni mbebaji?"

Jibu la haraka ni nusu, kwa sababu mraba una Rr mbili kati ya visanduku vinne. Si sahihi. Huyu anayeuliza yuko mbele yako, na ni mweusi. Kisanduku cha rr hakimhusu tena, kifute. Vimebaki vitatu, RR kimoja na Rr viwili. Nafasi yake ya kuwa mbebaji ni 2/3. Warudishe kwenye daftari lao la marusho 600: watoe rr zote, kama 150, zibaki 450, kisha wahesabu Rr ndani yake. Zitakuwa kama 300. Wale waliofikiri kwamba unacheza na maneno watanyamaza.

Lakini kuwa mbebaji si tatizo kwake, linaloulizwa kweli ni watoto wake watakuwaje. Hapo inabidi tujue mwenzi wake naye ana nafasi gani. Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1400. Kutoka hapo inakokotolewa kwamba karibu mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Unaweza kuihakiki hesabu hiyo bila fomula: baba awe mbebaji, 1/19, mama awe mbebaji, 1/19, kisha simba na swala walale pamoja, 1/4. Zidisha, unapata 1/1444, palepale tulipoanzia. Darasa la wanafunzi 60 lina wabebaji kama watatu, na hakuna anayewajua, pamoja na wao wenyewe.

Basi kwa mwanafunzi wetu, akija kuoa au kuolewa na mtu asiye ndugu yake na asiye na ualbino: 2/3 yeye kuwa mbebaji, 1/19 mwenzi wake kuwa mbebaji, 1/4 nakala mbili za r kukutana. Inakuja 2/228, yaani 1/114, kwa kila mtoto. Ni kubwa mara 12 kuliko ya familia ya kawaida, na bado ni ndogo, nusura asilimia moja. Dada yake mwenye ualbino hesabu yake ni nyingine. Sarafu yake bandika plasta pande zote mbili uandike r na r. Irushe utakavyo, itatoa r. Kinachobaki ni mume wake: 1/19 awe mbebaji, kisha 1/2 atoe r. Hiyo ni 1/38. Kwa maneno mengine, akizaa na mwanaume asiye na ualbino wa ukoo mwingine, karibu kila mara atapata watoto weusi, na kila mmoja wao atakuwa mbebaji. Mke na mume wakiwa ndugu wa damu, ile 1/19 haifai tena, kwa kuwa r iliyoko kwa mmoja ina nafasi kubwa zaidi ya kuwepo kwa mwenzake.

Na wazazi wote wawili wakiwa na ualbino? Sarafu mbili zenye plasta, r na r kila upande. Kwa mraba wetu watoto wote wana ualbino. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na wanafunzi wanaridhika. Ila kuna wazazi wenye ualbino wote wawili waliopata watoto weusi, na kabla mtu hajarudisha hadithi ya kutoka nje ya ndoa, tazama tulichokiacha mwanzoni: niliandika kwamba melanini inahitaji jeni kadhaa. Tumecheza na moja tu.

Jeni nyingine, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, inatoa maelekezo ya kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na hicho nacho kikikosekana melanini haitengenezwi. Aleli zake tuziite T na t. Huku kwetu aina hiyo ni nadra kuliko ile ya kwanza, lakini ipo duniani. Sasa baba awe na ualbino kwa sababu ya rr, huku upande wa pili ana TT. Mama awe nao kwa sababu ya tt, huku ana RR. Baba anatoa r na T, mama anatoa R na t. Kila mtoto ni RrTt, ana nakala moja nzima ya kila jeni, na wote ni weusi. Mraba haukukosea, uliulizwa swali la jeni moja kwenye familia yenye mbili.

Ukitaka kwenda mbele na darasa lililochangamka, wape sarafu nne, mbili kwa kila mzazi, waigize watu wawili wenye RrTt wanaozaa pamoja. Kila mzazi anarusha ya R na r, kisha ya T na t. Kurusha sarafu mbili kila moja peke yake kunaruhusiwa hapa kwa sababu jeni hizi ziko kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo nakala inayoingia kwenye mbegu upande mmoja haiathiri ile ya upande mwingine. Zingekuwa jirani kwenye kromosomu moja zingesafiri pamoja, na ingebidi uzigandishe sarafu kwa gundi. Mraba sasa una visanduku 16. Wengi watatabiri kwamba weusi watakuwa 12, tatu kwa moja kama kawaida. Waache waujaze, kisha wahesabu visanduku vyenye angalau R moja na T moja: ni 9. Saba vilivyobaki ni ualbino, vingine kwa rr, vingine kwa tt, na kimoja kwa vyote viwili.